Mlango wa banda la kuku unaojifunga wenyewe umegoma usiku: dalili, sababu na pa kuanzia (kisa cha Mwalimu wa Muyeye)

Hii nimeiandika kwa sababu nimechoka kujibu swali moja mara kumi. Tangu Mwalimu aanze kuonyesha watu mlango wake wa banda, huku Malindi wametokea wengi wa kuiga, na kila mvua ikianza simu zinakuja, mlango hausogei, mlango umesimama kati, mlango umejifungua usiku. Mimi ni fundi wa sola na redio, na Mwalimu alinifundisha sayansi darasa la saba kabla hajastaafu, kwa hivyo hata akikosea yeye mimi bado namwamkia shikamoo kwanza ndio nishike bisibisi.

Nianze na usiku wenyewe maana ndani yake mna karibu kila kosa ambalo watu wanafanya.

Mlango wa Mwalimu ni kipande cha plaiwudi kinachopanda na kushuka kwenye mifereji miwili ya mbao. Kinasukumwa na mota ya kioo cha gari pamoja na mkono wake, alivinunua kwa wauza spea kuukuu. Betri ya volti 12, ampia-saa 18, iko nyumbani barazani, paneli ndogo juu ya bati, na waya unatoka barazani mpaka bandani kama mita 12. Kuna taima ya kidijitali, inapiga saa moja jioni mlango unashuka, saa kumi na mbili na nusu asubuhi unapanda. Ukifika chini unagusa limiti swichi, mota inakata. Kazi nzima ni sekunde nane.

Ilikuwa mwezi wa tano, masika imekolea na kusi inavuma, Ijumaa. Mwalimu anarudi kutoka msikitini, kachelewa maana alibaki kuongea, akasikia mota inanguruma bandani kama kila siku, akaingia ndani akala akalala. Saa nane usiku kuku wakapiga kelele hadi mkewe akamwamsha. Ametoka na tochi akakuta mlango umesimama, chini kumebaki nafasi ya kiganja cha mkono, na kanu ndio anatoka. Kwa kanu kiganja ni lango, pale kichwa kinapopita na mwili unapita. Kuku watatu wa mayai walikuwa wamekufa na mmoja amebebwa.

Kilichomtia uchungu zaidi ni kwamba alijaribu kuusukuma mlango kwa mikono ukakataa katakata. Mota ya kioo cha gari ina gia ya parafujo, yani parafujo inazungusha gurudumu, na gurudumu haliwezi kuizungusha parafujo kinyume. Ndio maana kioo cha gari hakishuki ukikibonyeza kwa mkono. Umeme ukikata mlango unabaki pale pale ulipo, hauanguki, hausukumiki. Mwalimu akasukuma matofali mawili na debe mbele ya ile nafasi, akakaa kwenye kiti mpaka alfajiri.

Asubuhi akapima betri, volti 10.3. Jirani akasema betri imekufa, mjukuu akasema betri imekufa, na mtu wa dukani, bila kuiona, akasema betri imekufa na anayo mpya.

Sasa twende dalili kwa dalili. Nitapita haraka kwenye nyepesi na nitakaa kwenye ile ya Mwalimu.

DALILI YA KWANZA: saa imefika, mlango haujasogea, kimya kabisa

Sababu inayoongoza ni taima, wala sio umeme. Na kosa linaloongoza ndani ya taima ni letu sisi Waswahili: mtu anataka mlango ufungwe saa kumi na mbili na nusu jioni, anaandika 12:30. Taima inasoma saa za kizungu za ishirini na nne, 12:30 ni saa sita na nusu mchana. Kuku wanafungiwa nje juani na jioni hakuna kinachotokea. Jioni ile ni 18:30. Saa moja usiku ni 19:00. Andika kwenye karatasi ubandike ndani ya kifuniko, usitegemee kichwa.

La pili, siku. Zile taima zinakuuliza programu iendeshe siku zipi, na ukipita haraka unaweza kuacha MO hadi FR peke yake. Mlango unafanya kazi wiki nzima, Jumamosi unagoma, Jumatatu unapona wenyewe, na watu wanaanza kusema mambo ya majini. Ukiona tatizo linafuata siku za wiki, usifungue hata skrubu moja, angalia siku kwanza.

La tatu, kitufe. Kuna hali tatu, ON, AUTO na OFF. Ikiwa mtoto amechezea ikabaki ON au OFF programu haisomwi kabisa. Irudishe AUTO, halafu ujue kwamba ukitoka OFF ukaingia AUTO inakaa vile vile imezima mpaka saa ya programu inayofuata, kwa hivyo ukirekebisha saa mbili usiku chomoa mkono wa mota ufunge mlango mwenyewe leo, usisubiri.

Kama taima iko sawa na unaisikia ikifanya tik lakini mlango kimya, angalia fyuzi, halafu waya zilizochomoka. Panya wanapenda waya kuliko mahindi.

Imebaki moja ya ndani kidogo. Asubuhi mlango unafunguka vizuri lakini jioni kimya, na taima inafanya tik. Hapo shuku dayodi, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Mlango ukiwa juu, limiti swichi ya juu imekata njia, na umeme wa kushusha unapita kwenye dayodi iliyofungwa sambamba na ile swichi. Dayodi ikiungua hakuna njia. Jaribu hivi: taima ikiwa upande wa kufunga, gusisha kipande cha waya kwenye miguu miwili ya swichi ya juu. Mlango ukishuka, dayodi ndio marehemu. Unapoweka nyingine tazama mstari wa rangi uko upande gani kwenye ya zamani uweke vile vile, ukigeuza mlango utapita kikomo chake na mkono utapinda.

DALILI YA PILI: mlango unaanza kushuka, unapunguza mwendo, unasimama kati

Hii ndio ya Mwalimu na ndio inayopeleka pesa za watu dukani bure.

Sababu kwa wingi wake ni hizi: mbao zimevimba, kitu kimekwama mferejini, umeme unapotea njiani kabla haujafika kwenye mota, na mwisho kabisa betri au mota imechoka kweli. Watu wanaanza na ya mwisho kwa sababu ndio inayouzwa.

Anza na mbao, haina gharama. Chomoa mkono wa mota kwenye mlango, halafu nyanyua mlango kwa mkono uuachie. Unatakiwa uanguke wenyewe kwa uzito wake mpaka chini. Ukisimama kati, hapo mota inapigana na mbao na hakuna betri itakayokusaidia. Plaiwudi inakunywa maji zaidi kupitia ncha zake zilizokatwa kuliko kupitia uso, kwa hivyo unaweza kuona uso mkavu kabisa na kumbe pembeni umenenepa. Mwalimu alipokata mlango wake mwezi wa pili aliacha nafasi ya milimita moja kila upande akajisifu kwamba hata upepo haupiti. Milimita moja mwezi wa pili ni sifuri mwezi wa tano. Acha tatu au nne kila upande.

Kwa haraka piga randa au msasa pembeni, paka nta ya mshumaa kwenye mifereji. Usipake grisi, nakuomba, grisi inashika mchanga na unyoya na vumbi la pumba, baada ya wiki mbili umetengeneza msasa wako mwenyewe. Ukipata siku ya jua kausha mlango vizuri upake rangi ya mafuta kwenye ncha zote nne, mara mbili.

Mwalimu alifanya hivyo Jumamosi. Akapeleka betri kuchajiwa mjini, akairudisha jioni, maltimita inasoma 12.6, mlango mwepesi zaidi kuliko jana. Saa moja ikafika, mota ikanguruma, mlango ukashuka, ukasimama vidole vinne kutoka chini.

Hapo ndio akanipigia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Njoo na vyombo vyako, na usiniambie habari ya betri."

Nilifika Jumapili asubuhi. Betri tena iko chini, kumi na kitu. Nikamwuliza, je usiku mota ilinyamaza saa ngapi? Akasema hakumbuki, ilikuwa inanguruma kwa mbali, alidhani ni friji ya jirani. Basi jibu la nusu limepatikana pale. Mlango haukufika chini, kwa hivyo haukugusa limiti swichi, kwa hivyo hakuna aliyeiambia mota isimame. Imesimama kati huku inakula umeme kama ampia tano bila kukoma. Betri ya ampia-saa 18 inamalizwa na mzigo huo kwa saa tatu hivi. Yani betri iliyokufa asubuhi ilikuwa matokeo ya mlango kukwama. Ingekuwa ndio sababu, mlango usingegoma saa moja jioni betri ikiwa imetoka kuchajiwa.

Kisha akaniuliza swali zuri, ndio mwalimu huyo, kwa nini fyuzi haikukatika? Fyuzi yake ni ya ampia 10. Mota ikikwama kwenye njia nzuri ingevuta kumi na tano au zaidi na fyuzi ingekatika. Ilivuta tano tu. Maana yake kuna kitu njiani kinaibana.

Kukitafuta hicho kitu unahitaji maltimita ya kawaida na mtu wa kukusaidia, na kanuni moja: pima wakati mota inavuta. Volti 12.6 kwenye betri iliyopumzika haikwambii lolote kuhusu waya, hata waya uliooza wenye uzi mmoja uliobaki utakuonyesha 12.6 upande wa pili kama hakuna kinachotumia umeme. Ni kama mfereji wa maji uliofungwa, presha ipo mpaka ufungue.

Tuliazima betri ya pikipiki iliyojaa. Mjukuu akashika mlango kwa ubao uende kwa taabu kidogo, vidole mbali na mkono wa mota, Mwalimu akabonyeza ON, mimi nikapima, sekunde tano tano tu kila mara ili mota isichemke. Kwenye betri nikapata 12.1. Nikakimbia kwenye mota yenyewe, 6.9. Mota ya volti 12 inalishwa saba, ndio maana inanguruma tu.

Volti 5.2 zimepotea katikati. Sasa unazitafuta kipande kwa kipande. Unaweka mkono mmoja wa maltimita upande huu wa kiungo na mwingine upande ule, mota ikivuta. Kiungo kizuri kinasoma karibu na sifuri, chini ya 0.2. Kinachosoma zaidi ndicho kinachoiba. Waya wa kwenda na kurudi ukaiba 1.4. Rilei inayogeuza mota, na viungo vyake vyote, 0.2. Nyumba ya fyuzi peke yake, kitu cha kidole kimoja kilichofungwa nje ya baraza chini ya makuti, 3.6.

"Iguse," nikamwambia. Akaigusa akatoa mkono haraka. Ilikuwa moto na plastiki ilishaanza kulegea upande mmoja.

Tukaikata. Ndani ya vibanio mlikuwa na unga wa kijani kama chokaa ya rangi, chumvi ya bahari na shaba. Sisi hapa hatuko mbali na maji, kusi inaleta ule unyevu wa chumvi mpaka ndani ya kabati, sembuse nyumba ya fyuzi isiyo na kifuniko. Na mbaya zaidi chumvi inapanda ndani ya waya, kati ya nyuzi, chini ya plastiki ambako huioni. Tulikata waya sentimita kumi nzima ndio tukakuta shaba inayong'aa. Ukikata kidogo ukaunganisha kwenye shaba nyeusi umefanya kazi ya miezi miwili tu.

Tuliweka nyumba ya fyuzi yenye kifuniko cha mpira, tukaihamishia ndani ya boksi, karibu na betri kama inavyotakiwa. Viungo nikavichoma kwa lehemu, nikapaka vaselini juu, nikafunga tepu. Halafu tukarudi kwenye ile 1.4 ya waya. Mwalimu alitumia waya wa milimita moja ya mraba, mwembamba, na mita 12 kwenda na 12 kurudi ni mita 24 za shaba. Kwa umbali huo waya wa 2.5 unakupotezea karibu nusu volti tu badala ya moja na nusu. Akanunua. Kama huna pesa ya waya, sogeza betri iwe karibu na banda, waya mrefu uwe ule wa paneli ambao unabeba ampia moja tu.

Tukapima tena, kwenye betri 12.1, kwenye mota 11.3. Mlango ukashuka kwa kishindo hadi kuku wakaruka.

Ukiuliza kwa nini usiku ule na sio wiki iliyotangulia, ni kwamba nyumba ya fyuzi ilikuwa inaoza pole pole tangu mwaka jana, lakini mlango mwepesi hauhitaji nguvu. Masika ikavimbisha mbao, mota ikahitaji ampia zaidi, na kadiri inavyovuta zaidi ndivyo kile kiungo kibovu kinavyoiba zaidi. Na ndio maana alipopiga randa Jumamosi ulishuka mbele kidogo kisha ukakwama tena, alikuwa ametibu nusu ya ugonjwa.

Kama umepima hivi na kila kiungo kiko safi, na kwenye mota inafika zaidi ya 11 lakini bado inanguruma tu, hapo ndio useme mota imeisha. Na betri unaisema imeisha ikiwa imejazwa vizuri lakini ukiwasha mota inaporomoka chini ya 11 pale pale kwenye vyuma vyake.

DALILI YA TATU: mlango unafunga vizuri halafu unafunguka tena wenyewe

Hii ni ya wenye kamba, wanaotumia mota kuzungusha gurudumu la kamba kama ndoo ya kisimani. Mlango unafika chini, limiti swichi ya chini haikati, mota inaendelea kuzunguka upande ule ule. Kamba inaisha kulegea, inaanza kujiviringisha upande wa pili wa gurudumu, na mlango unapanda. Ukiamka asubuhi uko wazi na unadhani taima imechanganyikiwa.

Mara nyingi swichi yenyewe haina ubaya, ila chini yake kuna kinyesi kikavu, pumba au kokoto, na mlango unasimama nusu sentimita kabla ya kuigusa. Fagia. Ihamishe juu kidogo, iguswe na ubavu wa mlango badala ya kukaa sakafuni. Ya pili ni kutu ndani ya swichi, ibonyeze kwa kidole usikilize, lazima itoe mlio mkavu wa tik, ikiwa laini kama andazi ibadilishe. Ya tatu ni buibui au mijusi wametaga ndani, sicheki, nimeikuta mara mbili.

Wenye kamba wana shida nyingine ambayo Mwalimu hana, mlango ukikwama juu kwa kuvimba kamba inalegea tu na mota haioni tofauti. Funga uzito chini ya mlango, kipande cha chuma cha nusu kilo, uuvute.

DALILI YA NNE: unafunga kuku wakiwa nje

Wengi wananiuliza kama watoe taima waweke kile kijicho cha mwanga. Kwa huku kwetu mimi naona ni kujitafutia kazi. Kijicho kinadanganywa na wingu la masika na taa ya jirani. Wenzetu wa Ulaya wanakihitaji maana jua lao linahama saa nyingi kati ya misimu, sisi tuko karibu na ikweta, Malindi jua linazama kati ya kama saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini mwaka mzima. Nusu saa tu.

Ila hiyo nusu saa usiidharau. Mwalimu aliseti 18:45 mwezi wa kumi na moja ikawa sawa kabisa, Februari jua likawa linachelewa, akafungia mitetea wawili nje. Tangu hapo ni 19:00 na haigusi. Kama saa ya taima inaenda mbele au nyuma dakika chache kila mwezi, irekebishe tu unaponunua tokeni za stima.

PALE UNAPOTAKIWA KUACHA

Betri imefura tumbo, au ina moto ukiigusa, au unasikia harufu ya mayai viza: usiiguse tena, usichomoe waya ikatoa cheche, usiwashe kiberiti wala sigara. Zima upande wa paneli kama swichi iko mbali na betri, fungua madirisha, ondoa watoto, ita fundi wa betri. Ile harufu ni gesi ya sumu, na pamoja nayo inatoka nyingine inayolipuka.

Kama mlango wako unaendeshwa na adapta ya stima ya nyumbani na unahisi kama unatekenywa ukigusa waya wa banda au bati lake, zima swichi kuu ya nyumba na utafute fundi umeme mwenye leseni. Sio mimi wa sola, na sio mjukuu. Volti 12 zitakuudhi, 240 zitakuua, hasa ukiwa umesimama kwenye matope ya masika.

Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya namba ile ile. Ikikatika tena, acha, kuna waya umegusana mahali. Usiweke msumari wala karatasi ya sigara wala fyuzi kubwa zaidi, banda lina pumba na makuti na upepo.

TULICHOONGEZA BAADA YA PALE

Mawili tu. La kwanza, bolti iliyoshika mkono wa mota kwenye mlango tuliitoa, tukaweka pini ya kuchomoa yenye kipete, imefungwa kamba isipotee. Usiku ukikwama unachomoa pini, mlango unaanguka wenyewe, unarudi kulala.

La pili ni bazaa, ile ndogo ya volti 3 hadi 24 inayolia piii. Nimeifunga sambamba na waya mbili za mota, na kwenye mguu mmoja wa bazaa nimeunganisha dayodi moja ya 1N4007 ili ilie mlango ukishuka tu, sio ukipanda. Ukifika chini limiti swichi inakata mota na bazaa pamoja. Kwa hivyo kila jioni Mwalimu anasikia piii ya sekunde nane halafu kimya, ndio mlango umefunga. Ikiendelea kulia mlango umekwama kati. Na asiposikia kitu saa moja ikipita, hakuna umeme uliofika kabisa.

Juzi saa moja na dakika mbili simu ikalia niko kwenye kahawa.

"We mtoto, sijasikia piii."

"Umechomoa pini, mwalimu?"

"Nimechomoa, mlango uko chini, nimehesabu kuku kumi na mmoja wote wamo. Nataka kujua nani kaniua umeme."

Nikamwambia atazame taima kwanza. Akaenda, nikamsikia anavuta kiti, anatafuta miwani, kimya kidogo. Halafu akaanza kuita jina la mjukuu kwa ile sauti yake ya darasa la saba, nikakata simu.

Ilikuwa kwenye OFF.